Mtego Kwenye Swali la Sita

Mwalimu wa biolojia alikuwa haamini mtu, na hilo halikuwa siri kwa yeyote pale shuleni. Akihesabu vitabu vya maktaba alivihesabu mara mbili, kisha akamwita mtu mwingine avihesabu huku yeye akimkodolea macho vidole. Wanafunzi walimpachika jina la Tochi. Alilijua jina hilo, na tukisema ukweli lilimpendeza. Miaka kumi na tisa ya kusimamia mitihani ilikuwa imemwonyesha majibu yaliyoandikwa kwenye mapaja, kwenye mikanda ya saa, na safari moja kwenye ganda la ndizi ambalo mwenyewe alilila kuficha ushahidi. Mtu akishaona kijana mzima anatafuna ganda la ndizi mbele yake, huwezi tena kumwambia kuwa watoto ni malaika.

Muhula ule, jaribio la ikolojia lilimkosesha raha zaidi ya kawaida. Lilikuwa jaribio la mwisho kabla majina ya watahiniwa hayajapelekwa kusajiliwa kwa mtihani wa taifa, na jaribio la muhula uliopita lilikuwa limevuja. Nani alivujisha hakujulikana. Basi safari hii Tochi aliamua kutega.

Mtego wenyewe ulikuwa rahisi. Mwongozo halisi wa kusahihisha aliuficha nyumbani, chini ya godoro. Mwongozo wa pili, wa uongo, aliuchapa vizuri, akaupiga muhuri, akauweka kwenye droo ya meza yake katika ofisi ya walimu. Ulifanana na ule wa kweli kwa kila kitu isipokuwa swali la sita. Swali hilo lilibeba alama ishirini, nalo lilisema: *Eleza jinsi mwamba mtupu unavyogeuka kuwa msitu, ukitaja viumbe tangulizi na kazi yao.*

Jibu la kitabuni kila mwanafunzi alilijua, au alipaswa kulijua. Wa kwanza kufika kwenye mwamba mtupu ni likeni, yale mabaka ya kijivu na ya njano yanayong'ang'ania jiwe, ambayo kwa kweli ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja. Likeni hutoa asidi inayolilainisha jiwe, hunasa vumbi, hufa, huoza, na ndiyo mwanzo wa udongo. Baada yake huja mosi, vile vimimea vifupi laini vya kijani vinavyotandaa kama zulia. Halafu kangaga na nyasi, halafu vichaka, halafu miti. Katika mwongozo wa uongo Tochi aliandika maneno matatu kinyume na kitabu: *Mosi hutangulia likeni.* Yeyote atakayeyarudia, alijisemea, huyo ndiye aliyefungua droo yangu.

Ijumaa mchana, kabla ya kuondoka, alibana njiti ya kiberiti katikati ya droo na fremu ya meza. Aliiangalia akatabasamu peke yake. Jumatatu asubuhi aliikuta njiti sakafuni.

Tochi alikuwa kama mvuvi aliyeona kamba ikitikisika. Nani alikuwa ofisini Ijumaa ile? Mwalimu wa jiografia, jirani yake wa meza, mtu wa kuazima kila kitu isipokuwa akili, lakini huyo hakuwa mtahiniwa. Na nani mwingine? Kumbukumbu ikamletea msichana mmoja akiwa amekumbatia madaftari arobaini na tatu kifuani. Yeye mwenyewe Tochi ndiye aliyemtuma ayalete. Yeye ndiye aliyemwambia, "Weka mezani kwangu, mimi natoka."

Msichana huyo walimwita Kokoto. Baba yake alikuwa fundi wa machimbo ya mawe, kule kilimani nje ya mji, na binti alifika shuleni kila siku na vumbi jeupe kwenye viatu hata avipanguse vipi. Hakuwa mjinga wala hakuwa hodari. Alikaa safu ya nyuma karibu na dirisha, akapata alama zake hamsini, hamsini na tano, na hakuna mwalimu aliyewahi kumtaja kwa jema wala kwa baya. Wa namna hiyo, kwa mawazo ya Tochi, ndio wa kuogopwa.

Jaribio lilifanyika Jumanne. Jumatano mchana Tochi aliketi kwenye meza yake ya kulia chakula nyumbani, akafungua kalamu nyekundu, akaanza na swali la sita kwenye kila karatasi. Likeni, likeni, likeni. Mmoja aliandika kwamba wa kwanza kufika kwenye mwamba ni mbuzi. Tochi alicheka hadi akaweka kalamu chini, kisha akampa sifuri. Karatasi ya thelathini na sita ilikuwa ya Kokoto, na katikati ya ukurasa maneno yalikuwa pale pale, kama vile yamepigwa chapa: *Mosi hutangulia likeni.*

Aliyapigia mstari mwekundu mara mbili. Sentensi ilikuwa inaendelea, lakini Tochi alikuwa ameshaona alichokuwa akikitafuta, na mtu aliyeona anachokitafuta hana haja ya kusoma zaidi. Usiku huo alilala usingizi mzuri kuliko wiki nzima iliyopita.

Alhamisi alimwita msichana kwenye maabara, akafunga mlango. Walisimama pande mbili za meza ndefu yenye madoa ya asidi.

"Swali la sita," Tochi alisema. "Kitabu kinasema nani hutangulia?"

"Likeni, Mwalimu."

"Na wewe umeandika nani?"

"Wote wawili, Mwalimu. Inategemea mwamba wenyewe."

"Sikukuuliza inategemea nini. Hili la mosi umelitoa wapi?"

Msichana aliangalia viatu vyake. "Nimeliona."

"Umeliona!" Tochi nusura apige makofi. "Umeliona wapi? Kwenye karatasi ya nani?"

"Si kwenye karatasi. Kazini kwa baba. Kule kwenye ukuta unaotoa maji, mosi imeota na likeni hakuna. Hata nimeandika, Mwalimu, ukisoma hapo mbele..."

"Ijumaa ulileta madaftari ofisini. Ulikaa muda gani?"

Hapo ndipo Kokoto alipoelewa anaulizwa nini. Uso wake ulibadilika taratibu, na Tochi, aliyezoea kuona nyuso zikibadilika mbele yake, alilisoma badiliko lile kama kukiri. "Mwalimu, unaniambia nimeiba?"

"Mimi sijasema. Umesema wewe."

Jioni hiyo aliandika ripoti kwa kamati ya nidhamu. Ilikuwa nusu ukurasa tu, na katikati yake aliyanukuu yale maneno matatu akayawekea nukta. Kanuni za shule zilikuwa wazi: mwanafunzi atakayepatikana na hatia ya kuiba jaribio huondolewa kwenye orodha ya watahiniwa wa taifa mwaka huo. Kamati ingekaa Jumanne, na orodha ingepelekwa Jumatano. Kokoto alikuwa na siku tano, mbili kati yake za wikendi.

Jumatatu asubuhi baba yake alifika. Alikuwa mwanaume mfupi mwenye mabega mapana, na mikono yake ilikuwa na makovu meupe ya vipande vya mawe. Alikalia ukingo wa kiti kama anayeogopa kukichafua. Tochi alimweleza kila kitu isipokuwa mtego.

"Shikamoo tena, Mwalimu," alisema baba mtu alipomaliza kusikiliza, ingawa alishaamkia na umri wao haukupishana sana. "Mimi hayo majina ya kitabuni siyajui. Huyo likeni simfahamu, na huyu mwingine pia simfahamu. Ila mwanangu amenionyesha kwenye daftari alichoandika, na hicho alichoandika kipo. Mimi nakiona kila siku. Twende ukaone."

"Mzee, mimi sina kazi ya kutembelea machimbo."

"Kwani unafundisha nini, Mwalimu?"

Hakuuliza kwa kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua, na hilo ndilo lililomkera Tochi kupita kiasi. Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa akijifanya anasoma gazeti meza ya pili, alikohoa. Tochi akachukua mkoba wake. Nitakwenda, aliwaza, na nitarudi na uongo wao mkononi.

Njiani alijiandaa. Walikuwa na siku nne za kupanga mchezo. Mosi inaweza kung'olewa kwenye kisima chochote ikabandikwa ukutani kwa tope, na watu wa machimbo hawakosi tope. Alitia mkobani kisu kidogo cha maabara na lenzi ya mkono.

Machimbo yalikuwa kilima kilichokatwa upande mmoja, kikaachwa kama ngazi kubwa za jitu. Watu walikuwa wakichimba kutoka juu kwenda chini kwa vizazi viwili. Kazi ilipokwisha kwenye ngazi moja, waliifunga na kushuka kuanza nyingine, ili mtu yeyote asirudi kulegeza mawe juu ya vichwa vya wenzake. Na kila ngazi ilipofungwa, msimamizi aliandika ukutani kwa rangi nyekundu mwezi na mwaka wa kufungwa. Ndivyo ilivyokuwa sheria ya kazi. Fundi alimweleza haya huku nyundo zikigonga chini yao, kwenye ngazi ya mwisho, ambako jiwe lilikuwa jeupe na jipya na halina hata doa.

"Kutoka hapa tunapanda," alisema. "Ukipanda ndiyo unarudi miaka ya nyuma."

Kokoto alikuwa amewatangulia. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya pili akiwa bado na sare ya shule, mikono nyuma.

Ngazi ya pili ilikuwa na tarehe ya miaka minne iliyopita. Upande wake mmoja ulipigwa na jua tangu asubuhi. Tochi alisogeza lenzi kwenye jiwe. Lilionekana tupu, lakini alipoangalia vizuri aliona vidoa vya kijivu vidogo kama punje za chumvi, vimejishindilia ndani ya vinyweleo vya mwamba. Likeni, nazo ndio kwanza zinaanza. Alijisikia vizuri. Kitabu kilikuwa sawa.

"Na huu ndio upande mwingine," fundi alisema.

Upande wa pili wa ukuta ule ule uligeukia kivuli, na maji yalichuruzika kutoka kwenye ufa, kidogo kidogo, yakateremka hadi chini. Pale yalipopita, mwamba ulikuwa wa kijani. Kwanza utelezi wa mwani, halafu mosi, nene kama kidole, laini, imejaa maji. Tochi aliipitisha lenzi yake pembeni mpaka akachoka. Hakuna likeni. Palikuwa na jiwe, utelezi na mosi basi.

Mchezo mzuri, aliwaza. Mzuri sana.

"Mmeibandika lini?" aliuliza.

Fundi hakuelewa. "Kuibandika?"

Tochi alitoa kisu. Alichagua pale mosi ilipokuwa imezingira tarehe. Rangi nyekundu ya mwaka ilikuwa inaonekana nusu, kwa maana mosi ilikuwa imeshatambaa juu ya tarakimu ya mwisho na kuifunika mkia. Alichomeka ncha ya kisu chini ya ukingo, akainua. Kama ilibandikwa, ingetoka kama kipande cha zulia, na nyuma yake kungekuwa na tope. Haikutoka hivyo. Ilikwama. Vinyuzi vyake vilikuwa vimelishika jiwe, na ilibidi aikwangue kidogo kidogo mpaka ikaachia kwa shida.

Chini yake ilitokea rangi. Nyekundu, imepauka kidogo, mkia mzima wa tarakimu. Tochi aliinama na lenzi. Juu ya rangi palikuwa na vumbi jembamba jeusi lililonaswa na mosi, na hakuna kingine. Hapakuwa na baka la likeni, wala alama ya mahali ambapo likeni iliwahi kukaa.

Alibaki ameinama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Rangi ilipakwa miaka minne iliyopita, juu ya jiwe lililokuwa limechongwa karibuni. Mosi ilikuwa juu ya rangi. Basi mosi ilikuja baadaye, na chini yake hapakuwa na likeni iliyoitangulia. Msichana hawezi kuiba jibu ambalo ukuta mzima umeliandika kazini kwa baba yake. Na yeye, Tochi, alilitunga kama uongo, akiwa amekaa kwenye kiti, bila kutoka nje kuangalia jiwe hata moja.

"Ni kwa sababu ya maji," Kokoto alisema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Likeni inavumilia ukavu, mosi hii haivumilii. Ila hapa mosi haikuwa na haja ya kusubiri mtu aitengenezee udongo wa kutunza maji. Maji yapo tayari."

Fundi, ambaye hakujua kwamba kesi ilikuwa imeshakwisha, aliendelea kuwapandisha. Alikuwa anajivunia kilima chake na hakuna aliyewahi kumwomba akionyeshe.

Ngazi ya tatu ilifungwa miaka kumi na sita iliyopita. "Mwaka niliomleta huyu nyumbani kutoka hospitali," fundi alisema, akamgusa binti bega. Hapo likeni za upande mkavu zilikuwa zimefikia upana wa kifungo cha shati, na nyingine zilikuwa zimejikunja kingo kama majani madogo. Kwenye vishimo na mabonde ya jiwe, vumbi na mabaki yao vilikuwa vimejikusanya, na juu yake mosi, na kwenye nyufa kangaga zilichungulia. Ngazi ya nne, ya miaka thelathini na moja, ilikuwa na nyasi zinazofika magotini na vichaka vyenye miiba. Kokoto alipiga goti akachomeka kiganja kwenye udongo, ukamfika kwenye vifundo vya vidole tu kabla ya kugonga mwamba. Alifanya hivyo bila kuangalia, kama mtu anayefungua mlango wa kwao.

Ngazi ya juu kabisa aliichimba babu yake, miaka hamsini na minane iliyopita. Huko kulikuwa na miti. Ilikuwa miembamba, mirefu, ya aina moja au mbili tu, ile inayokua haraka ikilifuata jua, na mizizi yake ilikuwa imeingia kwenye nyufa za jiwe kama vidole kwenye sehemu za kushikia. Chini yake nyasi zilikuwa zimepungua kwa kukosa mwanga. Miche ya miti ile ile haikuwepo. Iliyokuwa inachipua kwenye kivuli ilikuwa ya aina nyingine, yenye majani mapana ya kijani kizito.

"Hii midogo siyo watoto wa hii mikubwa," Kokoto alisema. "Ni ya kule." Alinyoosha kidole. Nyuma ya ngazi hiyo ya juu, pale ambapo hakuna nyundo iliyowahi kugusa, ulisimama msitu wenyewe, mweusi kwa kivuli, wenye miti ambayo watu watatu wasingeikumbatia. "Huu wa babu haujawa msitu bado. Baba anasema hata wajukuu wangu hawatauona ukiwa kama ule."

Kwa miaka kumi na tisa Tochi alikuwa amechora ngazi hizi ubaoni kwa chaki, kutoka kushoto kwenda kulia, na mshale kati ya kila moja na nyingine. Alizichora vizuri. Sasa alikuwa amezipanda kwa miguu, na magoti yakimuuma, na aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu awe mtu mzima.

Usiku ule aliitoa karatasi ya Kokoto kwenye mkoba, akasoma swali la sita kwa mara ya kwanza. *Mosi hutangulia likeni pale ambapo mwamba una kivuli na unachuruzika maji, lakini kwenye mwamba mkavu likeni ndizo hutangulia, kwa sababu zinaweza kukauka kabisa zisife.* Kurasa mbili zilifuata, pamoja na miaka ya kila ngazi, na onyo mwishoni kwamba ngazi mbili zenye tofauti ya jua na maji haziwezi kulinganishwa kama vile ni ngazi moja iliyokua. Hilo la mwisho hata kwenye mwongozo wa kweli halikuwepo. Mistari yake miwili myekundu ilikuwa imekata sentensi baada ya neno la tatu.

Kulikuwa na njia nyepesi, na Tochi aliifikiria sana, tusimsingizie utakatifu. Angeweza kuiambia kamati kwamba ushahidi hautoshi. Mambo yangekwisha kimya kimya, na hakuna ambaye angejua habari za droo. Lakini ushahidi hautoshi maana yake ni kwamba msichana huenda aliiba, ila hatukumkamata. Angeingia kwenye chumba cha mtihani wa taifa na hilo jina nyuma yake.

Jumanne asubuhi kamati iliketi kwenye chumba cha mkuu wa shule. Mkuu mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye miwani ya kamba, na kando yake aliketi mwalimu wa taaluma. Fundi alivaa koti lililombana. Kokoto alisimama.

Tochi aliwaeleza yote. Aliwaeleza habari za mwongozo wa uongo, njiti ya kiberiti, na yale maneno matatu aliyoyakata kutoka kwenye sentensi ndefu. Aliweka mezani kipande cha mosi kilichokauka ndani ya bahasha, akaeleza rangi nyekundu iliyokuwa chini yake. Mwishoni alisema, "Nilimshitaki mtoto kwa kusema kweli, kwa sababu kweli yenyewe nilikuwa siijui."

Mwalimu wa taaluma alikuna kidevu. "Lakini njiti ilianguka. Droo ilifunguliwa. Nani aliifungua?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nje ya mlango alikuwa anapita mwalimu wa jiografia, ambaye masikio yake hayakuwahi kukosa kazi. Alichungulia. "Droo ipi? Ile yako, Mwalimu? Si nilichukua stepla Ijumaa. Niliirudisha. Au sikuirudisha?" Alijipapasa mfukoni, akaitoa, akaiweka mezani kando ya ile mosi.

Hakuna aliyecheka. Mkuu wa shule alikata jina la Kokoto kwenye ripoti, akaliacha kwenye orodha ya watahiniwa, akamwambia fundi kwamba shule inaomba radhi. Fundi alishukuru mara tatu, na kila shukrani ilimchoma Tochi mahali pabaya.

"Una la kusema?" mkuu alimuuliza msichana.

Kokoto alifikiri. "Nataka kumuuliza Mwalimu. Ile karatasi ya kwenye droo, uliandika kitu ulichojua ni uongo. Ulijuaje kuwa ni uongo?"

"Kitabu hakisemi hivyo," Tochi alijibu.

"Sawa, Mwalimu," alisema msichana. "Nimeelewa."

Tochi alimpa alama ishirini, na nyingine angempa kama zingekuwepo. Alilipeleka darasa zima kilimani wiki iliyofuata, akamwomba fundi awaeleze habari za tarehe. Fundi alieleza hadi koo likamkauka. Kokoto alikaa nyuma ya wenzake kwenye kila ngazi, na alipoulizwa swali alijibu kwa ufupi na kwa adabu. Tochi alijiambia kwamba yamekwisha. Alitaka sana yawe yamekwisha.

Baada ya wiki tano ulikuja mtihani wa majaribio, wa kujiandaa na ule wa taifa. Tochi alilirudisha swali la sita kama lilivyokuwa, neno kwa neno. Hakuficha mwongozo wala hakubana njiti. Alilirudisha kwa ajili ya mtu mmoja, kama mtu anayeacha mlango wazi makusudi.

Alipofika nyumbani hakuzifuata karatasi kwa mpangilio. Aliitafuta ya Kokoto, akaiweka juu.

*Viumbe wa kwanza kufika kwenye mwamba mtupu ni likeni. Likeni hutoa asidi ambayo hulainisha mwamba. Likeni zikifa huoza na kufanya udongo. Kisha hufuata mosi, kangaga, nyasi, vichaka, na mwisho msitu.* Kila sentensi ilitoka kwenye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili wa kitabu, na nukta zilikuwa mahali pake. Hapakuwa na ukuta unaotoa maji, wala babu, wala mwaka hata mmoja. Mwandiko ulikuwa safi kuliko alivyowahi kuuona.

Kwa mwongozo wake, jibu lile lilikuwa sahihi. Tochi alilisoma mara mbili, na mara ya tatu akalisoma kwa sauti kwenye nyumba tupu, akitafuta mahali ambapo msichana huenda alisahau akajiandika mwenyewe. Hakupaona. Machozi yalimjia na hakuyazuia, maana hapakuwa na wa kumwona.

Aliandika alama zote. Kisha chini ya ukurasa, pale palipobaki nafasi, aliandika kwa ile kalamu nyekundu: *Na kule kwenu je?* Kesho yake alimkabidhi karatasi mkononi, akasimama akingoja. Kokoto alisoma alama. Akasoma swali. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia ndani ya kitabu, akasema, "Asante, Mwalimu," akafungua daftari kwenye ukurasa mpya na kusubiri aambiwe cha kuandika.